Prefe Anapohamishwa: Kuaga Shule Bila Kuacha Deni la Maneno

Kila mwaka kati ya mwezi wa saba na mwezi wa tisa, barua za uhamisho zinatoka katika ofisi za Kordinasio ya shule za Kiprotestanti na kufika vijijini na mitaani kwetu. Prefe aliyetumika miaka mitano au kumi kwenye mlima mmoja anaambiwa aende kwenye mlima mwingine. Mke wake anaanza kufunga vyombo, walimu wanaanza kuulizana ni nani anakuja, na komite ya wazazi inatafuta mbuzi wa sherehe. Katika haraka hiyo, jambo moja mara nyingi linasahauliwa, na anayelilipa ni mtoto au mwalimu mdogo ambaye hakuwa na neno katika uhamisho ule.

Jambo lenyewe ni ahadi za mdomo. Makala hii inaeleza namna prefe, au mkurugenzi wa shule ya msingi, anavyoweza kuaga walimu na wanafunzi wake hivi kwamba ahadi zile zisiondoke pamoja naye. Neno la kuaga ni sehemu ya kazi yake, na linaanza wiki kadhaa kabla ya siku ya nyimbo na machozi.

Kwanza tukumbuke kwa nini wakubwa wa shule zetu wanahamishwa na ofisi ya kanisa. Mwaka wa 1974 serikali ilitwaa shule zote za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na makanisa ili yaendelee kuziongoza. Tangu hapo shule inabaki ya taifa: programu ni ya serikali, mitihani ni ya serikali, na mshahara wa mwalimu aliyesajiliwa unatoka serikalini. Lakini anayeongoza shule kila siku, na anayependekeza nani awe mkubwa wa shule fulani, ni kanisa kupitia Kordinasio. Kwa hiyo prefe ana mabwana wawili, na kiti chake si mali yake wala mali ya kabila lake wala ya parokia iliyo karibu. Ni kiti cha kuazimwa. Barua ikifika, kinarudishwa.

Kurudisha kiti kuna sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inajulikana. Ni makabidhiano, ambayo wengi tunayaita kwa jina la Kifaransa, remize na reprize. Anayeondoka na anayeingia wanakaa pamoja mbele ya mjumbe wa Kordinasio, na mara nyingi mbele ya mwenyekiti wa komite ya wazazi. Wanapita kitu kwa kitu: muhuri wa shule, funguo, kitabu kikubwa kinachoandikwa majina ya wanafunzi wote na namba zao, vitabu vya mahudhurio, pointi na bulteni za miaka iliyopita, mafaili ya walimu, kitabu cha mapato na matumizi, barua zilizoingia na zilizotoka, karatasi za kiwanja, hesabu ya madawati, vitabu na mabati yaliyo stoo. Hati inaandikwa, kila mmoja anatia sahihi, na nakala moja inakwenda Kordinasio. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, hakuna mtu atakayesema baadaye kwamba muhuri ulipotea njiani.

Lakini hati ile inaandika vitu vinavyoonekana. Shule zetu za mashariki hazisimami juu ya vitu hivyo tu. Zinasimama pia juu ya maneno yaliyosemwa mlangoni pa ofisi: “Papa, leta mbao, tutahesabu kwenye malipo ya watoto.” “Mwalimu, vumilia, faili lako liko mbele.” “Binti, kaa darasani, mama yako atalipa tukivuna maharagwe.” Maneno kama hayo ndiyo yanayowezesha shule maskini kuendelea. Hayaandikwi popote kwa sababu prefe yuko, na kila mtu anamjua. Siku anapoondoka, shahidi pekee wa neno lile anaondoka nalo.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Nimeuunganisha kutoka mambo yanayotokea katika shule mbalimbali, kwa hiyo msitafute jina lake. Ni shule ya sekondari ya mlimani, yenye darasa la saba na la nane na miaka minne ya humanite, fani ya ualimu. Ina walimu 14. Tisa wanalipwa na serikali. Watano bado hawajaingia kwenye orodha ya malipo, na wanaishi kwa posho ndogo inayotoka katika malipo ya wazazi. Mwanafunzi analipa dola 60 kwa mwaka, katika awamu tatu za dola 20. Prefe ametumika pale miaka saba. Barua yake ya uhamisho inafika katikati ya Agosti, na masomo yanaanza mwanzoni mwa Septemba. Ana wiki tatu.

Wiki ya kwanza haandiki hotuba. Anachukua kaye mpya na kuchora mistari ili apate safu tatu. Juu ya safu ya kwanza anaandika “Nimetimiza”, juu ya ile ya pili “Namwachia ndugu yangu”, na juu ya ile ya tatu “Sikuweza”. Kisha anawaita watu mmoja mmoja: walimu wote, katibu, mlinzi, wajumbe wa komite ya wazazi, mwenye duka la karatasi. Kila mmoja anamwuliza swali moja: “Nilikuahidi nini ambacho hakijafanyika?” Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Prefe anakumbuka ahadi zilizomgharimu. Mwenzake anakumbuka zile anazozingojea. Orodha ya prefe mwenyewe ilikuwa na mambo sita. Baada ya kuuliza watu, ilifikia mambo kumi na saba. Mengi yalimalizika siku ileile. Manne yalibaki, na hayo manne yanatosha kutuonyesha njia.

La kwanza ni la seremala. Miaka miwili iliyopita paa liling'oka na madawati yakaharibika kwa mvua. Papa huyu alitengeneza madawati 12, na walikubaliana bei ya dola 25 kila moja. Jumla ni dola 300. Hakulipwa fedha, walipatana kwamba watoto wake wawili watasoma kwa hesabu ile. Watoto wawili ni dola 120 kwa mwaka. Mwaka mmoja umekwisha, kwa hiyo shule bado ina deni la dola 180 kwake, yaani mwaka mmoja na nusu wa masomo ya watoto wote wawili. Katika kitabu cha mapato, mbele ya majina ya watoto hao hakuna kitu. Prefe mpya akifungua kitabu mwezi wa kumi ataona watoto wawili ambao hawajalipa hata faranga moja, na atawarudisha nyumbani. Hatakuwa ametenda ubaya. Atakuwa amesoma kitabu alichoachiwa. Lakini seremala atasema kanisa limemwibia.

La pili ni la msichana wa mwaka wa nne wa humanite, anayengojea mtihani wa serikali. Baba alikufa. Mama analima. Mwaka uliopita alibakiza dola 40, na prefe alimwambia atazilipa pole pole baada ya mavuno ya mwezi wa kwanza. Mtoto huyu hana karatasi. Ana neno la mtu mmoja, na mtu huyo anahama.

La tatu ni la mwalimu wa hesabu. Ametumika miaka mitatu bila mshahara wa serikali. Faili lake lilipelekwa kwa DINACOPE, ofisi ambayo wengi bado tunaiita SECOPE, na kila mara alipouliza, prefe alimjibu: “Wewe ndiwe wa kwanza.” Juu ya neno hilo mwalimu alikataa nafasi katika shule nyingine.

La nne ni deni la dukani: katoni tatu za karatasi za mitihani, dola 66, zilizochukuliwa kwa jina la prefe, kwa sababu mwenye duka alimwamini yeye kuliko shule.

Tazameni sasa namna kila moja linavyopata mahali pake. Deni la dukani linaingia safu ya kwanza: kabla ya kuondoka, prefe na komite ya wazazi wanalilipa kutoka kesi ya shule, wanapata risiti, na risiti inaingia kwenye kitabu. Lisingaliwezekana kulipwa lote, lingaandikwa kama deni la shule, si la mtu, na mwenye duka angaambiwa mbele ya mashahidi nani atamlipa. La seremala na la msichana yanaingia safu ya pili. Yanaandikwa kwa jina, kiasi na mwisho wake, na karatasi hiyo inaunganishwa na hati ya makabidhiano. Seremala anatia sahihi. Mama wa msichana anatia sahihi. Prefe mpya anatia sahihi. Tangu hapo si neno la mtu. Ni neno la shule.

La mwalimu wa hesabu ndilo linaloumiza. Haliwezi kuingia safu ya pili, kwa sababu hakuna prefe, wa zamani wala mpya, mwenye uwezo wa kumwingiza mtu kwenye orodha ya malipo. Prefe anatayarisha faili, anapeleka, anafuatilia. Uamuzi ni wa serikali. Maneno “wewe ndiwe wa kwanza” yalikuwa ya kutia moyo, lakini mwalimu aliyapokea kama ahadi. Kumwachia prefe mpya ahadi hiyo ni kumpa mzigo ambao hautabebeka, na kumwacha mwalimu angoje miaka mingine mitatu. Basi linaandikwa safu ya tatu, na prefe anamwita mwalimu peke yake, kabla ya siku ya kuaga, na kumwambia wazi: faili lilipelekwa tarehe fulani, nakala ya hati ya kupokelewa ni hii, kisha hapo mimi sijui zaidi, na sikuwa na haki ya kukuambia wewe ni wa kwanza. Mwalimu anaweza kukasirika. Lakini anatoka pale akiwa na karatasi mkononi na uhuru wa kuamua maisha yake.

Baada ya kazi hiyo, neno la kuaga linakuwa rahisi, na linaweza kuwa fupi. Ni vizuri yawe maneno mawili, kwa siku mbili au saa mbili tofauti. Walimu wanahitaji kusikia mambo ya kazi, madeni na uhusiano wao na mkubwa mpya. Hayo si ya masikio ya watoto. Wanafunzi wanahitaji kusikia kwamba shule haifi na kwamba hakuna anayeondoka kwa sababu yao. Ukichanganya yote katika sherehe moja, walimu hawaambiwi kweli, na watoto wanaambiwa mambo yasiyowahusu.

Kwa walimu, katika chumba chao, mlango ukiwa umefungwa na prefe mpya akiwa ameketi kati yao, prefe wa mfano wetu alisema hivi:

“Walimu wenzangu, ba papa na ba mama, nimetumika nanyi miaka saba. Nilipofika hapa tulikuwa walimu wanane na darasa moja lilikuwa chini ya mwembe. Mnajua wenyewe nani alibeba mawe ya msingi, kwa hiyo sitajisifu kwa kazi ya mikono yenu.

“Nimemwita kila mmoja wenu na kumwuliza nilimwahidi nini. Mambo yale yote yako katika kaye hii. Mengi yamekwisha. Mengine nimeyakabidhi kwa ndugu yangu huyu, na ametia sahihi. Mengine sikuyaweza, na wenyewe nimewaambia uso kwa uso. Kama yuko mtu ambaye neno lake halimo, aseme leo, maana kesho sitakuwa na haki ya kuamua kitu hapa.

“Posho ya walimu watano ambao hawajalipwa na serikali imetolewa hadi mwisho wa mwezi wa saba, na kitabu kinaonyesha hivyo. Ya mwezi wa tisa itategemea wazazi na uongozi mpya. Sikuahidi juu yake, na msimdai ndugu yangu kama kwamba niliahidi.

“Ndugu yangu atabadili mambo fulani. Pengine atabadili saa ya mkutano, pengine mtu aliyekuwa akishika kazi fulani. Akifanya hivyo, msinipigie simu. Mkinipigia kunisalimu, nitafurahi. Mkinipigia kunishtakia, nitawauliza kama mmekwisha kuongea naye. Ninyi si walimu wangu. Ni walimu wa shule hii.

“Kama nilimwaibisha mtu mbele ya wenzake, aniambie kabla sijaondoka. Nitamwomba radhi mbele ya walewale waliosikia. Asanteni.”

Ona kwamba hotuba ile haikutaja hata jina moja la mwalimu mzuri. Prefe akiwataja watatu kwa sifa, anamwachia mwenzake walimu watatu wenye kiburi na kumi na mmoja wenye kidonda. Sifa za mtu mmoja mmoja zina mahali pake: katika faili lake, kwa maandishi, ambapo zitamsaidia kweli. Tena hakueleza sababu za uhamisho wake. Kama alikuwa na malalamiko juu ya Kordinasio, mahali pake ni Kordinasio. Akiyamwaga mbele ya walimu, prefe mpya anaanza kazi akiwa mtu aliyetumwa na adui.

Kwa wanafunzi kuna shida ya kalenda. Barua nyingi zinafika wakati wa likizo, na watoto wanarudi mwezi wa tisa na kukuta mtu mwingine mlangoni. Hawakuaga, na hawakuagwa. Katika nchi yetu ya mashariki hilo si jambo dogo. Wengi wa watoto hawa wamekwisha kuona watu wazima wakitoweka usiku mmoja kwa sababu ya vita, bila neno. Mtoto kama huyo akikuta ofisi ina mtu mwingine, anajaza mwenyewe sababu: amefukuzwa, ameuawa, ameiba, ametuchoka. Kwa hiyo prefe wetu aliomba ruhusa ya siku moja. Alirudi siku ya kwanza ya masomo, akasimama kwenye mistari wakati wa kupandisha bendera, prefe mpya kando yake. Alisema kwa dakika nne hivi, kwa Kiswahili cha kila siku:

“Wanafunzi, watoto wangu, habari za likizo? Mnaona tuko wawili hapa mbele. Nitawaeleza.

“Kanisa limenituma kwenye shule nyingine. Sikufukuzwa, wala sikukimbia. Wala hakuna kosa lenu lolote lililonitoa. Mwalimu akitumwa, anakwenda, kama vile ninyi mnavyotumwa dukani. Ni hivyo tu.

“Huyu ndiye prefe wenu tangu leo. Jina lake mtamsikia akilisema mwenyewe. Nimempa kitabu chenye majina yenu wote. Pointi zenu zote ziko ndani, tangu mlipoingia. Hakuna mtu atakayeanza upya, na hakuna pointi iliyoondoka pamoja nami.

“Kama kuna mtoto ambaye mimi na mzazi wake tulipatana juu ya malipo, mapatano yale yameandikwa. Wazazi wenu wanajua. Msiogope kuingia darasani leo.

“Mwaka wa nne, mtihani wa serikali ni wenu, si wangu. Fomu zenu zitajazwa na prefe wenu mpya. Leteni majina yenu sawasawa na yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa maana herufi moja ikikosewa, diploma itawasumbua miaka mingi.

“Niliwapiga adhabu ya kufagia mara nyingi. Kama nilimwadhibu mtu bila kosa, anisamehe. Shule ninayokwenda iko mbali, na watoto wake wananingojea kama ninyi mlivyoningojea miaka saba iliyopita. Mimi sitawaita mnifuate kule. Shule yenu iko hapa.”

Kisha akatoa bunda la funguo mfukoni, akamkabidhi prefe mpya mbele ya watoto wote, akatoka kwenye nafasi ya katikati na kusimama pembeni. Aliyetoa amri ya kuingia madarasani alikuwa prefe mpya. Watoto hawasomi hati za makabidhiano, lakini funguo zikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine wanaelewa.

Mstari ule wa malipo ulikuwa muhimu kuliko machozi yote ya siku ile. Msichana wa mwaka wa nne alikuwa amesimama katika mistari. Hakutajwa jina, wala hakuaibishwa mbele ya wenzake, lakini alijua anaweza kuingia.

Sasa niseme juu ya mambo yanayoharibu kuaga, maana yanajulikana kwa dalili zake.

La kwanza ni mchango wa zawadi. Mtu anapita madarasani akikusanya faranga mia tano kwa kila mtoto “kwa ajili ya prefe wetu”. Mtoto asiyekuwa nazo anakaa nyumbani siku ile. Kama wazazi wanataka kumshukuru kwa mbuzi au kitambaa, ni heri, lakini itoke kwao kwa hiari, wala isipitie mikononi mwa walimu wala kuwekwa kwenye orodha yenye majina.

La pili ni maamuzi ya saa ya mwisho. Siku mbili kabla ya kuondoka, prefe anampa rafiki cheo, anasamehe madeni ya jamaa zake, au anatia muhuri kwenye vyeti ambavyo hangavitia mwezi uliopita. Dalili yake ni rahisi: tazama tarehe. Karatasi nyingi zikiwa na tarehe ya baada ya barua ya uhamisho, mjumbe wa Kordinasio na aziangalie moja moja. Tangu barua inapofika, prefe anamaliza yaliyoanza; haanzishi mapya.

La tatu ni prefe wa simu. Ameondoka, lakini kila jioni anapigiwa, na kila asubuhi walimu wanajua maoni yake. Dalili zake zinaonekana baada ya miezi miwili hivi: katika mikutano walimu wanasema “zamani tulikuwa”, uamuzi wa mkubwa mpya unangoja siku tatu kabla ya kutekelezwa, na kuna mwalimu mmoja ambaye wengine wanamtazama kabla ya kujibu. Hapo mwenye kuweza kuponya jambo ni yule aliyeondoka. Akikataa mara mbili kupokea mashtaka, simu zitakoma.

Prefe mpya naye ana sehemu yake. Asikubali kutia sahihi kwenye karatasi ya ahadi bila kuuliza. Kwa kila ahadi ana haki ya kusema ndiyo, kusema hapana, au kusema “kwa mwaka huu tu”. Kama hawezi kuendelea kumlipa seremala kwa masomo ya watoto, basi aseme pale pale, mbele ya mjumbe, ili watafute njia nyingine ya kulipa zile dola 180. Asiyoyakubali siku ile yanajulikana. Anayoyakataa mwezi wa kumi yanakuwa vita. Tena baada ya kutia sahihi, awaite wenyewe katika wiki ya kwanza: “Papa, nimeona karatasi yako. Ninaijua.” Maneno machache kama hayo yanamtoa mtu hofu.

Njia hii ina mipaka. Mahali ambapo shule imekimbia vita na madaftari yameungua au kuporwa, hakuna hati ya kukabidhi. Hapo kaye ya ahadi inakuwa ya lazima zaidi, maana inaandikwa kutoka vinywani mwa watu: walimu wawili na mzazi mmoja wakikubaliana juu ya jambo, linaandikwa na kutiwa sahihi. Tena kuna wakati ambapo prefe haondoki kwa uhamisho wa kawaida, bali amesimamishwa kwa sababu ya fedha. Hapo asipewe nafasi ya kuhutubia kabla ukaguzi haujaisha, lakini wanafunzi wasiachwe bila neno. Mjumbe wa Kordinasio awaambie kwa kifupi kwamba uongozi umebadilika na kwamba pointi zao na mapatano ya wazazi wao yatachunguzwa na kuandikwa.

Wasomaji wa Biblia wanamjua mtu aliyeaga kwa namna hii. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 12, mzee Samweli amekwisha kumkabidhi mfalme mpya watu. Kabla ya kuwafundisha neno lolote, anasimama mbele yao wote, mfalme akiwapo, na kuwataka waseme kama alitwaa ng'ombe au punda wa mtu, au kama alimwonea yeyote, naye atarudisha. Watu wakajibu kwamba hakufanya hivyo, na shahidi akatajwa. Ndipo akaendelea kusema. Utaratibu ule unatufaa hata leo: hesabu kwanza, mbele ya anayeingia, kisha maneno.

Basi ninyi wa komite za wazazi na wazee wa makanisa yaliyo karibu na shule, msingoje mwezi wa nane. Barua ya uhamisho ikifika kwenu, mwulizeni prefe maswali mawili kabla ya kununua mbuzi: kaye ya ahadi iko wapi, na ni lini watoto wataona funguo zikikabidhiwa? Kama hajaanza, mkeeni pamoja naye jioni mbili mkaiandike. Na wewe mzazi uliyeleta mbao, mchanga au maharagwe kwa mapatano ya mdomo, usingoje prefe ahamishwe. Nenda wiki hii uombe yaandikwe katika kitabu, kiasi na tarehe, na uondoke na nakala yako.